Oili kwenye kurasa tatu: kazi ya kutafsiri kitabu cha gari

Kwenye dashibodi ya karibu kila gari la petroli au dizeli kuna alama ya kopo la oili lenye mdomo mrefu kama birika, na tone moja likidondoka mdomoni. Madereva huiita taa ya oili. Katika kitabu cha mwenye gari, habari ya oili hiyo imetawanyika sehemu tatu: sura ya taa za dashibodi, jedwali la sevisi, na masharti ya waranti yaliyowekwa mwisho kabisa. Mara nyingi kazi ya kutafsiri nayo hugawanywa hivyo hivyo. Sura za mbele anapewa mtu mmoja, waranti anapewa mwingine aliyezoea mikataba, na hakuna anayezisoma zote kwa pamoja. Mwenye gari ndiye huzipitia zote tatu siku injini inapokufa, na hapo ndipo tofauti ndogo ya maneno kati ya ukurasa na ukurasa inapomgharimu fedha.

Kwa hiyo nitaifuata oili peke yake, kutoka dashibodi hadi waranti. Ukielewa inavyotafsiriwa vizuri au vibaya, breki, rejeta na betri utazielewa kwa njia hiyo hiyo.

Alama zenyewe hazitafsiriwi. Shirika la kimataifa la viwango, ISO, lina kiwango namba 2575 kinachopanga alama za dashibodi za magari, na ndiyo sababu birika lile lile utalikuta kwenye gari lililoundwa Japani, Ujerumani au India. Rangi nazo zina utaratibu wake. Nyekundu inasema kuna hatari au uharibifu mkubwa uko karibu, chukua hatua sasa. Njano inasema kuna jambo haliko sawa, likaguliwe mapema. Kijani inasema kifaa fulani kimewashwa na kinafanya kazi. Bluu ni ya taa ndefu, na kwenye baadhi ya magari madogo ya Kijapani yasiyo na geji ya joto, alama ya kipimajoto ya bluu inasema injini bado ni ya baridi.

Kosa la kwanza hutokea kiwandani kwa mchapaji, hata kabla ya kufika kwenye maneno. Tafsiri za Kiswahili aghalabu huchapwa kwa wino mweusi peke yake ili kupunguza gharama, na rangi zote zikapotea. Wakati huo huo, kuna magari yenye birika la aina mbili: jekundu kwa presha ya oili na la njano kwa oili iliyopungua. Kwenye karatasi nyeusi na nyeupe mabirika hayo ni pacha, na dereva anayelinganisha ukurasa na dashibodi yake hawezi kujua asome mstari upi. Mtafsiri makini huandika rangi kwa maneno pembeni ya kila mchoro hata kama kitabu asilia hakikufanya hivyo: taa nyekundu ya presha ya oili, taa ya njano ya kiwango cha oili. Neno moja la ziada kwenye kila mstari linatosha.

Sasa tuje kwenye maana. Tafsiri ninayoikuta mara nyingi ni hii: "Taa hii ikiwaka, oili imepungua. Ongeza oili." Inasomeka vizuri, ni fupi, na fundi mwenyewe angeweza kukuambia hivyo. Lakini taa nyekundu haipimi wingi wa oili. Inaangalia presha, yaani nguvu ambayo pampu hutumia kusukuma oili hadi kwenye beringi za krenki na sehemu ya juu ya injini. Oili hiyo ndiyo inayofanya utando mwembamba unaozuia chuma kusugua chuma. Oili ikipungua sana, presha hushuka, na hiyo ni sababu ya kawaida. Hata hivyo presha hushuka pia pampu ikichoka, chujio la kunyonyea oili likiziba kwa masizi, beringi zikilika, au injini ikiwekewa oili nyepesi kuliko inavyotakiwa. Katika hali hizo zote unaweza kuchomoa kijiti cha kupimia na kukuta oili imejaa. Tena swichi inayowasha taa hiyo hungoja presha ishuke karibu na sifuri. Inapowaka, hakuna muda wa kujadiliana nayo.

Mfikirie dereva wa pikapu ya dizeli, bado mpya na bado iko kwenye waranti, aliyepakia vitunguu Ruaha Mbuyuni na anaupanda mlima wa Kitonga kuelekea Iringa. Taa nyekundu ya oili inawaka katikati ya mlima. Kitabu chake kinasema oili imepungua, ongeza. Anasimama pembeni, anachomoa kijiti gari likiwa limeelekea juu, anakiona kina oili kidogo, anaongeza lita moja. Anawasha, taa bado inawaka. Kwa kuwa kitabu kimemwambia taa ni ya upungufu, na upungufu ameshauziba, anaamua kwamba taa yenyewe ni mbovu, anaendelea kupanda. Kabla ya kufika Ilula injini inaanza kugonga, kwanza kwa sauti ndogo ya kokoto, kisha kwa kishindo. Beringi zimekwisha, na huenda krenki nayo imechubuka.

Maandishi ambayo yangeweza kumwokoa hayakuhitaji kuwa marefu sana. Yangekuwa hivi: "Taa nyekundu ya presha ya oili. Ikiwaka wakati injini inazunguka, egesha mahali salama na uzime injini mara moja. Subiri dakika chache oili ishuke chini, kisha pima gari likiwa mahali tambarare. Kama oili iko chini ya alama ya chini, ongeza mpaka ifike kati ya alama mbili, washa injini na uangalie taa. Kama taa haizimi, au kama oili ilikuwa imejaa tangu mwanzo, zima injini na usiendeshe gari. Livutwe hadi kwa fundi." Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi kubwa, na ndiyo inayopotea kwanza pale presha inapogeuzwa kuwa kiwango, kwa sababu mtafsiri haoni tena ina maana gani: kama oili imejaa, gari livutwe kwa lipi?

Kwenye maelezo hayo nimeandika "wakati injini inazunguka" kwa makusudi. Kiswahili cha barabarani kinatumia kuwasha gari kwa mambo mawili ambayo kitabu cha gari hakiwezi kuyachanganya. Kuna kuzungusha funguo hadi ON, taa za dashibodi zikawaka na injini ikiwa kimya, na kuna kuiwasha injini yenyewe. Taa nyekundu ya oili inapaswa kuwaka funguo ikiwa kwenye ON, kisha izime injini ikianza kuzunguka. Hivyo ndivyo gari linavyokuonyesha kwamba taa ni nzima. Ukiandika "ukiwasha gari taa itawaka", dereva mmoja atakimbilia gereji bila sababu, na mwingine ataiona inawaka injini ikiunguruma na kusema kitabu kimesema ni kawaida. Andika "funguo ikiwa kwenye ON, injini haijawashwa". Kwa magari ya kubonyeza kitufe, eleza kwamba hali hiyo hupatikana kwa kubonyeza bila kukanyaga breki. Jambo hilo linamsaidia pia mnunuzi wa gari lililotumika: taa ya oili isiyowaka kabisa kwenye ON ina maana balbu imekufa, waya umekatika, au kuna aliyeizima makusudi ili gari liuzike.

Kitenzi kuwaka nacho kinahitaji msaidizi. Taa ya injini ya njano ikiwaka mfululizo, gari linaweza kuendeshwa kwa upole hadi gereji. Ikiwaka na kuzima kwa haraka, kwa injini ya petroli kwa kawaida ina maana kuna silinda haichomi mafuta sawasawa, na petroli isiyoungua inaweza kukipasha moto kupita kiasi kisafishaji cha moshi kilichoko kwenye ekzosi na kukiharibu. Kitabu asilia hutenganisha hali hizo mbili kwa maneno mawili tofauti. Tafsiri inayosema "ikiwaka" kwa zote imefuta maagizo mawili na kubakiza moja lisilo sahihi kwa yeyote.

Tukiiacha dashibodi, oili inajitokeza tena kwenye jedwali la sevisi. Hapa sentensi inayoleta madhara kuliko zote ina maneno machache: "Badilisha oili kila kilomita 10,000 au miezi 6." Kwa Kiswahili neno "au" linampa msomaji uhuru wa kuchagua, na msomaji mwenye akili atachagua linalomchelewesha. Familia ya Arusha inayotumia gari kwenda kanisani na sokoni, kilomita 300 kwa mwezi, itakuwa imefikisha kilomita 1,800 miezi sita ikiisha. Wenyewe wataona bado wana safari ya zaidi ya miaka miwili kabla ya kumwaga oili. Dereva wa teksi anayekwenda kilomita 150 kwa siku atafikisha kilomita 10,000 katika wiki kumi, naye atasema bado miezi minne. Kitabu asilia kiliwafunga wote wawili kwa nyongeza ndogo kwamba kinachotangulia ndicho kinachohesabiwa. Wafasiri huiandika "chochote kitakachotangulia" na kuiweka ndani ya mabano mwisho wa jedwali, ambako haisomwi. Mimi napendelea kuigawa iwe sentensi mbili: "Badilisha oili gari likitimiza kilomita 10,000 tangu ilipobadilishwa. Miezi 6 ikipita kabla ya kilomita hizo kutimia, badilisha pia."

Wasomaji huuliza kwa nini oili ibadilishwe kwenye gari lililolala. Safari fupi haziipashi injini joto la kutosha kukausha unyevu na petroli inayopenya kwenye oili. Vitu hivyo hubaki ndani, oili hupata asidi na utope, na utope ndio unaoziba lile chujio la pampu tulilolitaja Kitonga. Ukurasa wa sevisi na ukurasa wa taa vinazungumzia jambo moja.

Kuna pia ukurasa wa matumizi magumu, ambao kwa maoni yangu ndio unaotuhusu zaidi sisi na ndio unaotafsiriwa kwa uzembe zaidi. Kwa magari mengi ya petroli yasiyo na tabo, Toyota nchini Japani imekuwa ikielekeza oili ibadilishwe kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja, lakini kwa matumizi magumu iwe nusu yake, kilomita 7,500 au miezi 6. Matumizi magumu hayo si mashindano ya jangwani. Ni barabara za vumbi na mashimo, safari fupi nyingi, injini kunguruma muda mrefu gari likiwa limesimama, mizigo mizito, milima. Tafsiri ikiandika "hali mbaya kupindukia", dereva wa Dar es Salaam anayekaa saa nzima kwenye foleni hatajiona humo, wala mwenye pikapu ya vitunguu. Orodha yenyewe ndiyo inayopaswa kutangulia: "Kama unaendesha mara kwa mara kwenye vumbi, kwenye foleni ndefu, au ukiwa na mzigo, fuata jedwali la pili." Na jedwali la pili liwekwe ukurasa unaotazamana na la kwanza.

Ndani ya jedwali kuna herufi. Vitabu vingi hutumia R kwa kubadilisha kifaa kwa kipya, I kwa kukagua, A kwa kurekebisha, T kwa kukaza na L kwa kulainisha. Mtafsiri anayetaka kila kitu kiwe cha Kiswahili anaanza kwa furaha: B kwa badilisha, K kwa kagua. Halafu anafika kwenye kukaza, na K imeshachukuliwa. Anafika kwenye kurekebisha, anaandika R, na hapo ameweka mtego, maana fundi aliyezoea majedwali ya Kiingereza akiona R kwenye mstari wa klachi atasoma badilisha, ilhali kitabu kimesema rekebisha. Nimeona mabishano ya kaunta ya vipuri yakianzia hapo. Njia iliyo salama ni kuacha herufi za asili ndani ya visanduku, kwa sababu zinalingana na karatasi za gereji za wakala, na kuziandikia ufunguo wa Kiswahili juu ya kila ukurasa wa jedwali, si kwenye ukurasa wa kwanza tu. Ufunguo wa I uandikwe kikamilifu: "Kagua; safisha, rekebisha au badilisha kama inahitajika." Ukiishia kwenye "kagua", fundi atatazama, atatikisa kichwa na kufunga boneti.

Hata neno badilisha lina tahadhari yake kwenye matairi. Kitabu kikiagiza matairi ya mbele yahamishiwe nyuma ili yalike sawasawa, "kubadilisha matairi" kutamfanya mwenye gari aende dukani kununua manne. "Kuzungusha matairi" nako hakusemi kitu, kwa kuwa tairi huzunguka kila siku. "Kuhamisha matairi, ya mbele kwenda nyuma" kunaeleweka na kila mtu.

Majina ya vimiminika nayo hayavumilii ulegevu. Mafuta, kwa madereva wetu, ni petroli au dizeli. Oili ni ya injini na ya giaboksi. Baadhi ya wafasiri huandika "oili ya breki", na mafundi wengine husema hivyo kwa mazoea, lakini kwenye kitabu ni hatari. Kimiminika cha breki kilichoandikwa DOT 3 au DOT 4 hakitokani na mafuta ya petroli, na oili ya injini ikimiminwa kwenye kopo la breki huvimbisha mipira ya ndani hadi breki zikashindwa. Brekifluidi, pamoja na alama ya DOT iliyoko kwenye chupa, haiachi nafasi ya kukosea.

Ukurasa wa tatu ni waranti, na hapa ndipo yule dereva wa Kitonga na mwajiri wake watakaposoma kila neno. Shida ya kwanza iko kwenye kitenzi ambacho tunakitumia kila siku. Kutengeneza kwa Kiswahili ni kuunda kitu kipya na pia ni kukifanyia matengenezo kilichoharibika. Waranti inafunika kasoro za aina ya kwanza: chuma kibovu, sehemu iliyofungwa vibaya kiwandani. Haifuniki kazi mbovu ya gereji ya mtaani. Ukiandika "kasoro za utengenezaji", mwenye gari ana haki ya kusoma zote mbili, na "mtengenezaji" anaweza kuwa kiwanda au fundi. Andika "kasoro ya malighafi au ya uundaji kiwandani", andika "kampuni iliyounda gari", na neno ukarabati ulitunzie kazi ya gereji.

Shida ya pili ni sentensi zisizo na mtendaji. "Kifaa chenye kasoro kitakarabatiwa au kubadilishwa bila malipo." Nani anaamua kati ya hayo mawili? Kwa kawaida kitabu asilia kinampa uamuzi huo aliyetoa waranti, na kinasema hivyo waziwazi. Kiswahili kinapenda kauli ya kutendwa, nayo inaondoa jina la mwamuzi bila mtu kugundua. Mwenye pikapu atasimama kaunta akidai injini mpya kwa sababu kitabu kimeitaja, wakati wakala anapanga kubadilisha beringi. Sentensi ya haki ingesema: "Kampuni iliyounda gari itaamua kama kifaa kikarabatiwe au kibadilishwe, vyovyote itakavyoamua, hutalipia kifaa wala ufundi."

Shida ya tatu ni "inaweza". Kitabu kikisema mteja anaweza kutakiwa kuonyesha kumbukumbu za sevisi, si suala la uwezo wake. Maana yake ni kwamba wakala ana ruhusa ya kuzidai, na asipozipata ana sababu ya kukataa dai. Kwa Kiswahili sema: "Wakala ana haki ya kukutaka uonyeshe kitabu cha sevisi chenye mihuri, tarehe na kilomita. Tunza pia risiti za oili na filta."

Turudi kwa pikapu. Injini ikifunguliwa kwenye gereji ya wakala, mkaguzi ataanza na sampu ya oili: kama kuna utope mweusi mzito, atauliza oili ilibadilishwa lini. Atafungua kitabu cha sevisi na kulinganisha tarehe na kilomita. Tuseme muhuri wa mwisho ni wa miezi tisa na kilomita 8,000 zilizopita. Mwenye gari atasema hajafika 10,000. Wakala atasema miezi 6 ilikwisha kupita, tena gari hili hubeba mzigo kwenye vumbi, lilikuwa la jedwali la pili. Kisha atamuuliza dereva taa iliwaka wapi na gari likazimwa wapi, kwa sababu masharti ya waranti kwa kawaida huondoa uharibifu uliotokana na kuendelea kuendesha taa ya onyo ikiwa imewaka. Kitonga na Ilula zipo kwenye ramani, na umbali kati yake unajulikana. Hata kama chanzo halisi kilikuwa pampu yenye kasoro ya kiwandani, dai hilo sasa lina mashimo mawili, na yote mawili yalichimbwa na maneno: "au" isiyokamilika na "oili imepungua".

Anaweza kudai kwamba kitabu cha Kiswahili ndicho kilichompoteza? Vitabu vingi vya waranti vina kifungu kinachosema kwamba tafsiri ikitofautiana na nakala ya asili, ya asili ndiyo inayofuatwa. Kifungu hicho ni halali kuwapo, lakini mahali pake huwa ni mwisho wa ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo. Kwa imani yangu, kinapaswa kuwa mstari wa kwanza wa sura ya waranti, kikiambatana na maelezo ya namna ya kuipata nakala hiyo ya asili, na mtafsiri anao wajibu wa kumwomba mchapishaji akisogeze. Mnunuzi wa gari lililotumika kutoka Japani naye aelezwe hapo hapo kwamba waranti huwa na mipaka ya nchi na huanza kuhesabiwa siku gari lilipokabidhiwa kwa mnunuzi wa kwanza, kwa hiyo kwake yeye sura hiyo kwa kawaida imeshafungwa. Kinachomfaa kwenye kitabu chake ni kurasa mbili za kwanza.

Kabla rasimu haijaenda kwa mchapaji, kuna ukaguzi ambao hakuna mhariri anayeweza kuufanya mezani. Mpe kitabu dereva ambaye hakushiriki kazi hiyo, mketishe kwenye gari lenyewe, mwoneshe birika jekundu na umwombe asome mstari wake. Kisha mwulize atafanya nini, na usimsaidie. Akijibu "naongeza oili", ukurasa huo haujawa tayari. Mwulize pia gari lake, kwa safari zake, oili imwagwe tarehe ngapi, na umwache ahesabu mwenyewe kwenye jedwali. Kama kitabu kitauzwa pia Rwanda, Burundi na Kongo, fanya hivyo kwenye gari lenye usukani wa kushoto, maana kila mahali ulipoandika "kulia" ukimaanisha upande wa dereva patamfungulia msomaji wa Bukavu mlango usio wake.